Ovaloki Isiyofika na Faili Iliyorudisha Fedha

Mwezi Februari, mshonaji mmoja wa Mombasa aliagiza mashine ya ovaloki kutoka duka moja la Nairobi. Alilipa Sh52,000 kwa M-Pesa, akapewa ankara iliyoahidi kwamba mzigo ungefika ndani ya siku 14. Siku hizo zikapita, na kila alipopiga simu aliambiwa mashine iko njiani. Machi akaanza kuandika barua. Julai fedha zake zote zilikuwa zimerudi, bila wakili na bila kufika mahakamani.

Barua ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja tarehe ya malipo, kiasi, namba ya muamala, namba ya ankara na siku ambayo mashine ilipaswa kufika. Kisha ikasema anachotaka: mashine imfikie kabla ya tarehe 29 Machi, la sivyo arudishiwe fedha zake. Wateja wengi humimina uchungu wao kurasa tatu nzima wasiseme wanadai nini, na tarehe gani ndiyo mwisho, kwa hiyo duka huwajibu kwa pole. Yeye aliambatisha nakala tu. Ankara yenyewe ilibaki nyumbani.

Barua hiyo aliituma kwa rejista ya Posta, akahifadhi risiti. Iliyofuata ilipelekwa na mpwa wake anayeishi Nairobi, akiwa na nakala mbili. Moja aliiacha dukani, ya pili ikarudi na muhuri wa duka, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Bila muhuri kama huo, duka huweza kusema halijawahi kuona barua yoyote.

Majibu ya duka yalikuja kwa simu. "Mama, vumilia kidogo, meli imechelewa, tarehe 20 Aprili utakuwa na mashine yako," meneja alimwambia. Ahadi ya mdomo ni rahisi kuikana, kwa hiyo jioni hiyohiyo aliandika: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo saa nne asubuhi. Umenieleza kwamba meli imechelewa na kwamba mashine itafika tarehe 20 Aprili. Ikiwa sikukuelewa, tafadhali nijulishe kwa maandishi." Hakuna aliyemjibu. Mwezi Mei duka liligeuza maneno, likadai yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha oda na kusababisha ucheleweshaji. Alituma tena nakala ya barua ile, na dai hilo halikutajwa tena. Walipomwomba achague bidhaa nyingine badala ya fedha, alikataa kwa barua ya mistari minne.

Hapo ndipo ilipo siri ya barua zake. Aliziandikia duka, lakini aliziandika kana kwamba siku moja zitasomwa na mtu baki asiyejua lolote kuhusu ugomvi huo. Hazikuwa na matusi wala tuhuma za wizi, kwa sababu maneno hayo yangempa meneja kitu kingine cha kulalamikia.

Mwezi Juni aliandika ilani ya madai. Alipanga matukio yote kwa tarehe, akaonyesha kila moja linathibitishwa na karatasi ipi, akatoa siku 14, na kusema kwamba zikipita atafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizo nchini Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai anaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Duka lililosoma ilani hiyo lilielewa kwamba kesi ilikuwa imeshaandaliwa.

Lilijitolea kulipa Sh30,000, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hana dai lingine. Huu ni mtego wa kawaida: anayesaini amesamehe salio. Alikataa kusaini, akapokea fedha na kuandika risiti yake: "Nimepokea Sh30,000, zimebaki Sh22,000." Salio lililipwa kabla siku 14 hazijaisha.

Njia hii ina mipaka yake. Barua humbana mwenye duka anayejulikana alipo na anayetaka kuendelea na biashara. Aliyefunga mlango na kuzima simu ni wa kuripotiwa polisi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha kwamba jina linalotokea kwenye M-Pesa ndilo lililo kwenye ankara. Tena subira isipite kiasi: dai la mkataba nchini Kenya hufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita, na kumwandikia barua anayekupuuza hakusimamishi hesabu ya muda huo.