Pipa Limemwagwa, Diski Bado Imejaa

Watu wengi hudhani kwamba kumwaga pipa la taka la kompyuta ni sawa na kufagia chumba: uchafu ukitoka, nafasi hupatikana papo hapo. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini katika kompyuta za Linux yawezekana pipa zima kumwagwa, na diski isipate nafasi hata kidogo.

Sababu ni kwamba faili na jina lake ni vitu viwili. Jina huandikwa katika orodha ya folda. Maandishi yenyewe yako mahali pengine katika diski. Kulitia faili pipani ni kulihamisha jina tu, na kumwaga pipa ni kulifuta jina hilo. Kabla ya kuachilia nafasi, kompyuta hutazama mambo mawili: je, faili limebakiwa na jina lo lote? Je, iko programu iliyolifungua? Ikiwa programu moja bado imelishika, nafasi haiachiliwi. Ni kama mpangaji aliyemo chumbani: ukibandua namba ya mlangoni, chumba hakiwi kitupu mpaka atoke.

Tuseme diski ya gigabaiti 40 imejaa, na wanafunzi hawawezi kuhifadhi insha zao. Msimamizi afuta faili la gigabaiti 12, ambamo programu moja huandika habari za kazi zake mchana kutwa. Amwaga na pipa. Diski bado imejaa. Basi na atoe amri hizi:

```
df -h /
sudo du -xsh /
sudo lsof +L1
```

Amri ya kwanza huhesabu nafasi iliyochukuliwa, nayo yasema 39. Ya pili hujumlisha mafaili yenye majina, nayo yasema 27. Zile 12 zilizopungua ni za faili lisilo na jina. Amri ya tatu humtaja aliyelishika: chini ya COMMAND ni jina la programu, chini ya PID ni namba yake, na mwisho wa mstari pameandikwa `(deleted)`.

Dawa ni kuifunga programu hiyo na kuifungua tena. Hapo nafasi hurudi mara moja.

Lakini usifanye haraka. Ikiwa faili lilifutwa kwa bahati mbaya, maadamu programu haijafungwa, laweza kuokolewa. Kama PID ni 1432, na chini ya FD pameandikwa `5w`, linakili katika diski nyingine:

```
sudo cp /proc/1432/fd/5 /mnt/nakala
```

Programu ikiisha kufungwa, njia hii haipo tena.

Katika Windows tatizo hili ni nadra, kwa kuwa kwa kawaida kompyuta hukataa kufuta faili lililofunguliwa, na husema kwamba linatumika.