Chupa ya Asali Kwenye Mizani

Mama mmoja wa Mbagala alifika barazani kwa muuza asali akiwa na chupa mkononi na kiberiti kwenye pochi. Chupa aliinunua kando ya barabara wiki iliyotangulia kwa Sh 12,000, akiambiwa ni lita moja ya asali safi kutoka Tabora. Kiberiti alikileta kwa sababu muuzaji wa kwanza alichovya njiti mbele yake, akaikwangua, ikawaka. Sasa alitaka kumwona na huyu wa pili akifanya vivyo hivyo.

Mzee alicheka kidogo. Yeye ni mfugaji wa nyuki kutoka Sikonge, na kila baada ya mavuno hushuka Dar es Salaam na ndoo zake kwa basi, akauza kwenye baraza la nduguye. "Mama, hiyo njiti weka tu," akamwambia. "Nipe chupa."

Akaiweka kwenye mizani ndogo ya jikoni, ya kupimia unga wa keki.

Kabla ya kufika kwenye kilichosomeka pale, njiti inastahili maneno mawili. Njiti huwaka au hukataa kuwaka kutegemea unyevu uliofika kwenye kichwa chake, na mnunuzi hawezi kujua ni kiasi gani kimeshika. Shira nzito ya sukari humpita mwenye kiberiti bila shida yoyote. Kipimo cha tone kwenye glasi ya maji nacho kina kasoro hiyohiyo: asali huzama kwa sababu ni nzito kuliko maji, na shira huzama kwa sababu hiyohiyo. Sisimizi ndio mashahidi wabaya kabisa. Wapo wanaoapa kwamba sisimizi hawagusi asali halisi, lakini mfugaji yeyote atakwambia anavyohangaika kupaka grisi kwenye waya na nguzo za mizinga ili wadudu haohao wasipande.

Mzee wa Sikonge anatumia kipimo kingine, na hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la tano. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo moja na gramu 400 hivi. Ukigawanya uzito wa asali kwa uzito wa maji yanayojaza chombo hichohicho, unapata 1.4 na kitu kidogo. Ikishuka chini ya hapo, kuna maji ndani ambayo hayakupaswa kuwamo.

Uzito huo nyuki ndio wanaoutengeneza. Nekta inayotoka kwenye ua ni maji matupu kwa sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu. Nyuki huirudisha mzingani, wakaipokezana mdomo kwa mdomo, wakaitandaza kwenye vitundu vya sega, kisha usiku kucha hupiga mabawa kuipitishia hewa. Maji yanapungua mpaka yanabaki chini ya asilimia 20. Hapo ndipo wanapoziba kila kitundu kwa kifuniko chembamba cha nta. Asilimia 20 hiyo ndiyo pia kikomo cha viwango vya kimataifa vya asali, na kina sababu: ikizidi hapo, hamira ya asili iliyomo hupata nguvu ya kufanya kazi. Asali inaanza safari ya kuelekea wanzuki bila mtu kuitia kitu.

Kwa hiyo siyo kila asali nyepesi imetiwa maji na mfanyabiashara. Nyingine imerinwa mapema. Mrina mwenye haraka, au anayeogopa kutanguliwa na wezi wa porini, hukata sega ambalo vitundu vyake bado viko wazi. Mzee mwenyewe hukata sega likiwa limezibwa angalau robo tatu, na lile lenye majana ya nyuki humwachia nyuki. Anayelikamua pamoja na majana hupata asali yenye ukungu, inayochacha upesi na kutoa harufu asiyoweza kuieleza.

Turudi barazani. Chupa ya yule mama ilisoma gramu 1,345. Mzee akaweka alama ya wino pale asali ilipoishia, akaimimina yote kwenye jagi, akaosha chupa na kuikausha. Tupu ilikuwa gramu 35, maana yake asali yenyewe ilikuwa gramu 1,310. Kisha akajaza maji mpaka kwenye alama na kupima tena: maji yalikuwa gramu 985. Hatua hiyo ya maji wengi huiruka, nayo ndiyo ya msingi, kwa sababu chupa zinazookotwa na kuoshwa hazina ujazo unaoaminika. Akagawanya 1,310 kwa 985 kwa simu ya mama mwenyewe. Ikatoka 1.33.

Akamwaga maji, akakausha chupa tena, akaijaza mpaka alama ileile kutoka kwenye ndoo yake. Safari hii ilikuwa gramu 1,395 bila chupa, na kwenye simu ikasomeka 1.42.

"Sasa hii yangu ni nini?" mama akauliza.

"Hilo mizani haisemi," akajibu. "Inasema tu kwamba haijafika kuwa asali pevu."

Jibu hilo ni la haki. Hiyo 1.33 inaweza kuwa asali iliyorinwa mbichi, inaweza kuwa asali nzuri iliyoongezwa maji, na inaweza kuwa sukari iliyochemshwa mpaka maji yasipokee tena, kwa sababu shira ya namna hiyo ina uzito unaokaribiana sana na huo. Ila yote matatu yana mwisho mmoja kwa mnunuzi: amelipia maji au sukari kwa bei ya asali.

Mizani ina mipaka yake pia. Shira za viwandani zilizopikwa mpaka kufikia uzito wa asali huipita. Anayetaka kuzikamata hana budi kwenda maabara, ambako hupimwa aina za sukari, chavua za maua, na hata alama ya kaboni: miwa na mahindi hujenga sukari yao kwa njia tofauti na miti mingi inayotembelewa na nyuki, na tofauti hiyo hubaki ndani ya chupa. Mipaka ya pili ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Hiyo kwa asili ni nyepesi, ina uchachu wa mbali kama ukwaju, na maji yake huvuka asilimia 20 kwa kawaida. Ukiipima kwa kipimo cha barazani utaiita ya uongo na utakuwa umeionea. Kwa asali hiyo, ngao ya mnunuzi ni kumjua anayeifuga.

Kisha kuna moto, ambao mizani haiuoni kabisa. Wapo wanaotia masega kwenye sufuria na kuyachemsha ili nta ielee juu na asali itengane haraka. Uzito wake utakuwa sawasawa, hata kuzidi. Lakini manukato ya maua hutoweka, na badala yake pua inakutana na harufu ya sukari iliyoungua. Rangi nyeusi peke yake haimaanishi kwamba asali imechemshwa, maana kuna asali inayotoka mzingani ikiwa ya kahawia iliyokolea, kulingana na miti iliyochanua. Tofauti iko puani. Ya moshi nayo hujulikana hivyo: mrina anayechoma nyuki kwa mwenge wa majani badala ya kuwatuliza kwa moshi kidogo wa bomba huacha harufu ya jikoni, na wakati mwingine majivu chini ya chupa.

Bei zake za msimu huu ameziandika kwa chaki ukutani. Robo lita Sh 6,000, nusu lita Sh 10,000, lita Sh 18,000, dumu la lita tano Sh 80,000 na ndoo ya lita 20 Sh 280,000. Ndoo hiyo, akiitua chini, ina kilo 28 hivi za asali bila kuhesabu plastiki. Ukigawa, mwenye ndoo analipa Sh 10,000 kwa kilo, mwenye lita anakaribia Sh 12,900, na mwenye robo anavuka Sh 17,000. Hakuna hila hapo. Chupa ndogo ina gharama ya chupa, kifuniko, lebo na muda wa kusubiri asali itiririke, ambao kwa asubuhi ya baridi si mdogo.

Hila huwa kwenye maneno "lita" na "kilo". Jirani yake mtaa wa pili anatangaza asali Sh 13,000, na wateja huja kumwuliza mzee kwa nini yeye anauza ghali. Lakini jirani anauza kilo. Kilo moja ya asali haijazi chupa ya lita, huishia kwenye mililita 700 na kidogo. Lita nzima kwa bei ya jirani ingefika Sh 18,200, yaani zaidi ya bei ya mzee kwa Sh 200. Anayelinganisha bei inampasa kwanza aulize kipimo, na anayeuza kwa chupa ya maji ya kunywa aulizwe mara mbili.

Malalamiko anayoyapokea zaidi hayahusu bei. Yanahusu kuganda. Mteja anarudi baada ya miezi miwili, shingo upande, akionyesha tabaka jeupe chini ya chupa: "Mzee, umenitilia sukari." Kilichotokea ni kwamba asali ina sukari za aina mbili kuu, na moja yake, glukosi, huwa imezidi kiasi ambacho maji machache yaliyomo yanaweza kuishikilia. Inajitenga na kuwa punje. Baridi huiharakisha, ndiyo maana asali iliyokaa kwenye friji au iliyopelekwa Njombe huganda kabla ya ile iliyobaki Dar. Asali halisi huganda. Baadhi huchelewa sana, na hilo nalo si kosa. Lakini kuganda si cheti pia, kwani shira ya sukari nayo huangusha chenga chini.

Dawa yake ni beseni la maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, chupa ikae humo na kugeuzwa mpaka ilainike, isiguse jiko. Akiona povu juu, kifuniko kikifyatuka na harufu ya pombe ikitoka, huko siko kuganda, ni kuchacha, na chupa hiyo mzee huibadilisha bila ubishi. Kitu kimoja hukataa hata mteja akisisitiza: akisikia asali ni ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hamuuzii kwa kusudi hilo. Hata asali safi kabisa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na la kichanga halivishindi, na vikaleta sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Yule mama aliondoka na nusu lita. Kabla ya kutoa Sh 10,000 aliomba iwekwe kwenye mizani, chupa ikiwa imeshapimwa tupu. Zilikuwa gramu 705. Ile ya Sh 12,000 aliiacha palepale kwenye jagi, na kiberiti akakirudisha kwenye pochi.