Kufunguliwa kwa Akaunti Iliyozuiwa

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambaye mzigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine humfikia alfajiri na malori ya kwenda Kongo humngojea kabla ya adhuhuri, hawezi kukaa siku tatu bila kugusa fedha zake. Na kwa sababu hiyo akaunti ikizuiwa, yeye huitambua habari ile mapema kuliko mwenye mshahara wa serikali anavyoitambua. Hufika dirishani na kitambulisho chake, karani huibonyeza mashine, huitazama mara mbili, kisha humwambia kwa sauti ya chini kwamba akaunti ina zuio na kwamba habari zaidi ziko makao makuu. Basi hapo ndipo wengi huanza kugombana na karani, na hilo ni kosa la kwanza, kwa kuwa karani yule aghalabu hajui lolote zaidi ya alama aliyoiona kwenye kioo, na hata meneja wa tawi hana uwezo wa kuiondoa.

Swali lililo na faida ni moja: ni mkono wa nani uliofunga? Yawezekana ni benki yenyewe, kwa kuwa taarifa za mteja zimepitwa na wakati au mwendo wa fedha zake umeitia shaka. Yawezekana ni chombo cha dola kinachofanya upelelezi, au mamlaka ya kodi inayodai deni lake. Na yawezekana ni mahakama. Maadamu hujajua jibu, barua zako zote zitakwenda kwa mtu asiyehusika. Swali hilo na liulizwe kwa maandishi, lipelekwe tawini kwa nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa: je, kuna amri ya mahakama au agizo la chombo chochote juu ya akaunti hii, limetolewa tarehe gani, na lina namba gani?

Nianze na amri ya mahakama, kwani ndiyo iliyo na njia ya wazi zaidi ya kutokea. Watu hudhani kwamba mahakama imezikamata noti zao zilizomo ndani ya sanduku la benki. Sivyo. Tangu mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza walipotoa hukumu katika shauri la Foley na Hill mwaka 1848, imekuwa kanuni kwamba fedha zikishawekwa benki huwa mali ya benki, na mteja hubaki na haki ya kuidai benki kiasi hicho hicho. Benki, kwa hiyo, ni mdaiwa wako. Aliyekushinda mahakamani naye ni mdai wako. Mahakama humruka mtu wa katikati na kumwambia mdaiwa wako asikulipe wewe, bali angoje amri ya kumlipa yule anayekudai. Hiyo ndiyo amri ambayo mawakili huiita ganishi, nayo huja kwa hatua mbili: kwanza amri ya muda, inayoitaka benki izuie fedha na ije ieleze ina kiasi gani cha mdaiwa na kama ina sababu ya kutolipa, kisha amri ya mwisho, inayoiagiza ilipe. Kati ya hatua hizo mbili ndipo ulipo mlango, na ni mlango mwembamba.

Tuutazame mfano mmoja, nilioutunga kwa kuchanganya mambo yaliyopita mezani pangu katika miaka ya uwakili, ili asitambulike mtu. Kikundi cha akina mama kumi na wanne wanaouza dagaa kiliweka akiba yao benki, na akaunti ikafunguliwa kwa majina ya watatu kati yao: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina, kwa shughuli zake binafsi, alikuwa amekopa fedha za kununulia injini ya boti, akashindwa kulipa, akashitakiwa na kushindwa kwa shilingi 18,400,000. Mshinda tuzo alipoomba kukaza hukumu aliiandika namba ya akaunti ile, kwa kuwa aliwahi kuiona katika risiti. Siku amri ilipofika benki, akaunti ilikuwa na shilingi 27,650,000, na benki ikaifunga yote.

Jambo la kwanza tulilolitazama ni kiasi. Amri ilitaja deni tu, nayo benki ilikuwa imezuia na shilingi 9,250,000 zilizozidi. Hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu afisa anayepokea amri huona ni salama kwake kufunga mlango mzima kuliko kuhesabu. Ikiwa amri imetaja kiasi, barua moja ya wakili kwa idara ya sheria ya benki, ikiambatanishwa na nakala ya amri yenyewe, yatosha kuirejesha ziada bila kumsumbua hakimu. Na kiasi hicho kwa mwenye biashara ndogo ndicho tafauti baina ya kununua mzigo wa Ijumaa na kuukosa.

Jambo la pili lilikuwa umiliki, nalo ndilo moyo wa shauri. Kanuni ya 57 ya Amri ya XXI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, humruhusu mtu mwenye haki juu ya mali iliyokamatwa kuweka pingamizi katika mahakama ile ile inayokaza hukumu. Lakini pingamizi ni silaha ya mgeni: haimfai mdaiwa mwenyewe. Mweka hazina, kwa hamaki na aibu, alitaka yeye ndiye aape na kuwa mleta maombi. Lau angefanya hivyo, wakili wa upande wa pili angesimama dakika ya kwanza na kusema kwamba huyu ni mdaiwa wa tuzo, malalamiko yake yaamuliwe chini ya kifungu cha 38 na si hapa. Kwa hiyo waleta maombi wakawa mwenyekiti na katibu, kwa niaba ya kikundi, na mshinda tuzo pamoja na mdaiwa wakawekwa wote wawili upande wa wajibu maombi. Mwanamke kujibu maombi ya wenzake ambao asubuhi ile amekunywa nao chai ni jambo la kuchekesha kidogo, ila ndivyo sheria ipendavyo.

Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba siku ya kukamatwa, wala si siku ya kusikilizwa, waleta maombi walikuwa na haki katika fedha zile. Ithibati haikutoka kwa maneno ya mdomo. Ilitoka katika fomu ya kufungulia akaunti, iliyoonyesha kwamba sahihi mbili kati ya tatu ndizo zinazotoa fedha; katika muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti; na, zaidi ya yote, katika daftari la michango lenye madoa ya mafuta ya dagaa, ambalo jumla zake za kila Jumamosi zililingana na fedha zilizowekwa benki kila Jumatatu. Fauka ya hayo palikuwa na hoja ya kisheria: mahakama ya rufani ya Uingereza ilikwisha amua mwaka 1884, katika shauri la Macdonald na kampuni ya migodi ya Tacquah, kwamba deni wanaloliwia watu wengi kwa pamoja halikamatwi kwa deni la mmoja wao. Sheria yetu ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliipokea sheria ya mahakama za Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu ile ni ya kabla ya siku hiyo. Ile ya Hirschorn na Evans ya mwaka 1938, juu ya akaunti ya pamoja ya mume na mke, ina uzito wa kushawishi tu, ila hushawishi vizuri.

Maombi yalikwenda pamoja na hati ya dharura, na ombi la kwanza ndani yake lilikuwa benki isilipe mpaka pingamizi liamuliwe. Hapo ndipo wengi huponzwa. Pingamizi likichelewa hata fedha zikalipwa kwa mshinda tuzo, hakuna tena kilichokamatwa cha kuachiwa, na mwenye haki hubakia na njia ndefu ya kufungua shauri jipya la kudai. Hata kushindwa katika pingamizi hakukatiwi rufaa. Kanuni ya 62 humwelekeza aliyeshindwa afungue shauri la kuthibitisha haki yake.

Shaka ya uhalifu ni bahari nyingine. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu, Sura ya 423, ya mwaka 2006, huilazimisha benki kupeleka taarifa ya muamala wa shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, na pia huikataza kumwambia mteja kwamba imetoa taarifa hiyo. Ukimya wa karani, basi, si kiburi. Anachofichwa mteja hapo, karani akikitoa atakuwa ametenda kosa. Usiulize kama umeripotiwa. Uliza benki inahitaji maelezo gani, kisha uyapeleke hata kabla hujaulizwa mara ya pili.

Mnunuzi wa Kongo hutuma fedha kwa majina ya watu wanne tofauti, zikafika siku moja, zikatolewa zote kesho yake kulipa wavuvi: kwa macho ya mashine huo ndio mwendo wa mtakasishaji, ilhali ni mwendo wa kawaida wa biashara ya dagaa. Jibu lake ni karatasi moja yenye mistari ya kila fedha iliyoingia, jina la aliyetuma, mzigo uliokwenda kwake, na nyuma yake leseni, risiti za ushuru wa mwalo, vibali vya kusafirishia samaki na hati za mpakani. Mfululizo huo ndio wenye nguvu. Bahasha nene ya risiti zisizopangwa haisomwi na mtu.

Ikiwa shaka imekuwa upelelezi, na Mkurugenzi wa Mashtaka amepata zuio chini ya Sheria ya Mazao ya Uhalifu, Sura ya 256, ya mwaka 1991, benki imetoka katika mazungumzo. Hapo huombwa mahakama iliyotoa zuio ama iliondoe, ama, jambo ambalo watu hulisahau, ilibadilishe ili fedha za matumizi ya lazima ya nyumbani, za kuendeshea biashara na za utetezi ziachiwe kwa kiasi kinachoelezwa na kuthibitishwa. Jirani zetu wa Kenya wana ukomo ulio dhahiri zaidi: amri yao ya kuhifadhi mali hufa siku 90 baada ya kutangazwa katika gazeti la serikali, isipokuwa maombi ya kuitaifisha yamekwisha fikishwa mahakamani. Huku kwetu subira yaweza kuwa ndefu. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania ulizuiliwa akaunti zake Agosti 2020, ukasimamisha shughuli zake, na zilifunguliwa mwaka uliofuata.

Nirudi kwa akina mama wetu. Waliposhinda, walitoka mahakamani wakishangilia, wakaenda moja kwa moja benki, na fedha hawakuzipata. Uamuzi uliosomwa na jaji haufungui kitu. Benki hutaka amri yenyewe iliyochapwa kutokana na uamuzi huo, yenye sahihi na muhuri wa mahakama. Tuliipata, tukaikuta haina namba ya akaunti, bali maneno tu kwamba fedha za waleta maombi ziachiwe. Idara ya sheria kule Dar es Salaam ikairudisha. Ikatubidi tuombe isahihishwe, iandikwe namba, jina la akaunti na tarehe ya amri inayofutwa, kisha tuipeleke tena kwa barua inayopokelewa kwa muhuri. Siku tuliyopigiwa simu kwamba zuio limeondolewa, katibu hakutoa fedha zote. Alitoa shilingi elfu kumi, akazihesabu mbele yangu, akaomba na taarifa ya akaunti, tukakaa kwenye benchi la nje kutafuta makato yaliyofanywa katika miezi ile ya kifungo.