Baki la namba hasi katika safu

Tuchukue safu ya majina ya siku, tukianza na Jumamosi kama juma letu linavyoanza. Jumamosi ipo nafasi ya 0, Jumapili ya 1, na kuendelea hadi Ijumaa, nafasi ya 6. Programu inaulizwa: siku 10 kabla ya Jumapili ilikuwa siku gani? Tukihesabu kwa vidole tunafika Alhamisi, yaani nafasi ya 5.

Programu hutoa 10 katika 1, ikapata -9, kisha hutafuta baki la kugawanya kwa 7 ili irudi ndani ya safu.

```
(1 - 10) % 7
```

Python hujibu 5. Java, JavaScript na C hujibu -2.

Kinachotakiwa ni kwamba jibu la kugawanya, likizidishwa kwa kigawanyo na kujumlishwa na baki, lirudishe namba ya mwanzo. Sharti hilo linatimizwa na -1 × 7 + (-2), na pia na -2 × 7 + 5. Yote mawili ni -9. Tofauti inatokana na ukadiriaji: -9 kwa 7 ni kama -1.29. Java na wenzake hukata desimali na kubaki na -1, wakisogea kuelekea sifuri. Python hushuka hadi namba kamili iliyo chini, -2. Kwa namba chanya njia hizi hulingana, ndiyo maana kasoro hukaa muda mrefu bila kuonekana.

Nafasi -2 haipo katika safu. Java husimamisha kazi kwa kosa la `ArrayIndexOutOfBoundsException`, JavaScript hurudisha `undefined`, na C huweza kusoma kumbukumbu iliyo nje ya safu.

Wengi hutibu kwa kuongeza 7 kabla ya kutafuta baki. Hatua ikiwa moja nyuma, inatosha. Hapa haitoshi: -9 + 7 ni -2, na baki lake ni -2 vilevile. Inafaa kutafuta baki kwanza, kuongeza urefu wa safu, kisha kutafuta baki tena:

```
((i % 7) + 7) % 7
```

Tukiweka -9 tunapata -2, halafu 5, na 5 inabaki 5. Katika Java, `Math.floorMod(-9, 7)` hufanya kazi hiyohiyo.

Wapo wanaokimbilia aina ya namba zisizo na alama ya hasi, kama `uint32_t` ya C. Kwangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Hapo -9 hugeuka 4294967287, na baki lake kwa 7 ni 2: Jumatatu. Hakuna kosa linalotangazwa, na nafasi ni halali kabisa. Njia hii husalimika pale tu urefu wa safu unapokuwa kipeo cha 2, kama 8 au 16, kwa sababu urefu huo hugawanya 4294967296 bila baki. Kwa hiyo jaribio lililofanywa kwa safu ya nafasi 8 litapita, na safu ya siku 7 itaendelea kutoa siku isiyo sahihi.