Simu Ngapi kwa Saa?

Msimamizi wa kituo kipya cha huduma kwa wateja anapanga zamu. Akiweka wahudumu wachache, wateja watasubiri hadi wakate simu. Akiweka wengi, mishahara itapotea bure. Anahitaji kujua simu huingia ngapi kwa saa kwa wastani, na rekodi alizonazo ni za asubuhi moja tu. Hata hivyo hafanyi kazi hii kwa mara ya kwanza. Alikotoka, kituo cha ukubwa huohuo kilipokea kama simu 10 kwa saa.

Simu zina tabia iliyochunguzwa zamani. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu katika kampuni ya simu ya Kopenhageni, alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wengi wasiojuana hufuata mgawanyo uliobeba jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson. Mgawanyo huo unahitaji namba moja tu, yaani wastani wa simu kwa saa. Namba hiyo ndiyo msimamizi wetu asiyoijua.

Kwa hiyo aieleze kama anavyoijua: si namba moja, bali namba nyingi zinazowezekana, nyingine zaidi ya nyingine. Kazi hiyo hufanywa vizuri na mgawanyo wa Gama. Hauruhusu wastani ulio chini ya sifuri, na una vishikio viwili tu, a na b. Ukivisoma kwa lugha ya kituo cha simu, b ni saa ambazo ni kana kwamba umeshazihesabu, na a ni simu ulizozipata ndani ya saa hizo. Wastani wake ni a/b.

Tuseme msimamizi anaamini simu 10 kwa saa, lakini hataki uzoefu wa kituo kingine uwe na nguvu kupita saa 2 za kuhesabu hapahapa. Basi b ni 2 na a ni 20. Kisha anahesabu kwa saa 5 na kupata simu 14, 11, 17, 12 na 16, jumla 70. Kusahihisha imani yake ni kujumlisha tu:

```
a mpya = 20 + 70 = 90
b mpya = 2 + 5 = 7
wastani = 90 / 7 = 12.9
```

Jibu limeangukia kati ya 10 alizozitarajia na 14 alizozihesabu, likielemea hesabu kwa sababu saa 5 zina uzito kuliko saa 2. Mgawanyo mpya pia unasema kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa wastani wa kweli uko kati ya 10.3 na 15.6. Kesho akipata saa nyingine, ataendelea kujumlisha alipoishia.

Saa zenyewe zihesabiwe kwa uaminifu. Saa isiyo na simu hata moja ni saa kamili na lazima iingie. Mtambo ukizimika nusu saa, basi saa hiyo ni 0.5, maana simu zisizoweza kuingia hazithibitishi utulivu.

Uzito wa imani ya awali nao una hatari yake. Kama msimamizi angeandika a = 400 na b = 40, wastani wake wa kuanzia ungekuwa 10 uleule, lakini simu zilezile 70 zingemsogeza hadi 10.4 tu. Mtu anayechagua b kubwa anadai kuwa ameshahesabu saa nyingi, na ni haki kumuuliza alizihesabu wapi.

Lakini kasoro ninayoiona kuwa kubwa zaidi imejificha ndani ya wepesi wenyewe wa njia hii. Tuseme saa zile 5 zingeleta simu 3, 4, 30, 5 na 28. Jumla ni 70 vilevile. Hesabu ingetoa 12.9 ileile, na mipaka ileile ya 10.3 hadi 15.6, ilhali hakuna saa hata moja iliyofanana na majibu hayo. Hapo kuna saa tulivu na saa za msukumo, pengine baada ya wateja kutumiwa ujumbe, na wastani mmoja hauwezi kuzisemea zote.

Dalili yake hupimika. Katika mgawanyo wa Poisson, varianzi ya hesabu za kila saa hukaribiana na wastani wake. Hapa wastani ni 14, lakini varianzi inafika takriban 188. Ukikuta pengo la namna hiyo, tenga saa kwa aina yake, kila aina iwe na a na b yake. Kwa hiyo usitunze jumla peke yake. Andika simu za kila saa, kwa sababu jumla haitakuonyesha kosa hili kamwe.