Barua ya Mkaguzi kwenye Ukurasa Mmoja

Chukulia chama cha ushirika wa mazao. Barua ya mkaguzi kwa menejimenti ina kurasa 38, zote kwa Kiingereza, na bodi inakutana kesho kutwa. Katibu akianza kutafsiri kuanzia ukurasa wa kwanza, hatafika.

Aanze na hoja. Kwa kawaida kila hoja ina kilichoonekana, athari, pendekezo na majibu ya menejimenti. Kwenye muhtasari zinatosha tano au sita: zenye fedha nyingi na zilizojirudia kutoka mwaka jana. Nyingine zitajwe kwa idadi tu.

Tuseme hoja ya masurufu imejaza aya tatu. Mjumbe anahitaji hivi: "Meneja alichukua shilingi 4,600,000 za kununulia magunia. Stakabadhi alizoleta ni za shilingi 3,150,000. Shilingi 1,450,000 hazina uthibitisho. Meneja anasema stakabadhi zimepotea. Mkaguzi anapendekeza azilete au akatwe mshahara. Bodi iamue."

Hapo pana mtego. Mkaguzi hakusema fedha zimeibwa. Amesema hakuweza kuthibitisha matumizi. Katibu akiandika "zimeliwa", amemhukumu mtu. Akiandika "changamoto ya nyaraka", amemfichia. (Neno hilo limeficha mengi katika ofisi zetu.)

Pembeni mwa kila hoja iandikwe namba yake na ukurasa wa barua, kisha mtu mwingine alinganishe tarakimu. Meneja asiandike muhtasari huo: hoja nyingi zinamhusu yeye.