Kumwandika Msemaji Bila Kumcheka

Tuchukue mazungumzo ya kwenye steji hapa Mombasa. Bibi wa Mji wa Kale anamwambia makanga: "Mbona wateka, mwanangu?" Kwa Kimvita, kuteka ni kucheka, lakini msomaji wa Kisumu atadhani kuna mtu ametekwa nyara. Usimwekee tafsiri kwenye mabano. Acha kitendo kieleze: "Makanga akafunga mdomo, lakini kicheko kikamponyoka."

Sheng nayo hufafanuliwa na jibu. Makanga: "Mathe, ingia, ni mbao tu." Bibi: "Ishirini? Basi ndoo unishike mkono." Msomaji ameshajua mbao ni shilingi ngapi, na kwa ule mkono hatadhani "ndoo" ni ya maji.

Kila msemaji mpe maneno mawili matatu ya kwao, uyashike hadi mwisho. Ukiandika kila sauti, msomaji huchoka.

Dhihaka huanzia pale bibi na makanga wanapoandikwa wanavyotamka, ilhali mwalimu, ambaye naye nyumbani husema Kimvita, anapewa Kiswahili sanifu. Jipime hivi: bibi akisomewa hadithi yako, atasikia sauti yake, au atahisi anachekwa?